Mlinganyo wa Nyuklia Uliopigwa Picha: Njia ya Majumlisho au Njia ya Hatua?

Mlinganyo wa nyuklia ulioandikwa wazi ubaoni hauchukui muda mrefu kuusawazisha, lakini mlinganyo uleule ukifika kwenye simu ukiwa picha, huwa na mashaka ambayo vitabu havikuyazungumzia. Hapa Uganda wanafunzi wa fizikia wanaojiandaa kwa mitihani ya UNEB hutumiana maswali kwa WhatsApp, na swali la uozo wa alfa au beta mara nyingi huwa ni ukurasa wa daftari uliopigwa kwenye mwanga hafifu, au ubao uliopigwa kutoka dawati la nyuma. Namba zinazotakiwa kusomwa ndizo maandishi madogo kuliko yote katika picha hiyo, kwa kuwa huandikwa juu na chini ya alama ya elementi, upande wa kushoto. Ndizo huanza kufifia. Tarakimu 6 hufanana na 8, alama ya kutoa hupotea kwenye mstari wa karatasi, na mara nyingine namba nzima hukatwa na ukingo wa picha.

Njia mbili hutumika kujaza namba iliyokosekana. Ya kwanza nitaiita njia ya majumlisho: unajumlisha namba zote za juu kushoto mwa mshale na kulia mwake, unafanya hivyo tena kwa namba za chini, kisha unatafuta ile inayofanya pande mbili zilingane. Ya pili ni njia ya hatua: unaangalia jedwali la elementi, unajua kwamba alfa inarudisha kiini nyuma nafasi mbili na kukipunguzia 4 katika namba ya masi, na kwamba beta inakisogeza mbele nafasi moja bila kuigusa namba ya masi. Kwa upande wa fizikia, njia zote mbili ni sahihi na hutokana na kanuni ileile. Mbele ya picha yenye mashaka, hata hivyo, hazina nguvu sawa, na anayechagua bila kujua tofauti yake anaweza kutoa jibu lenye kosa huku likionekana safi kabisa.

Kabla ya kuzilinganisha, ni muhimu kufahamu kila namba inahesabu nini. Namba ya juu ni namba ya masi, yaani jumla ya protoni na nyutroni ndani ya kiini, na jumla hiyo haibadiliki kiini kinapooza: idadi ileile hugawanyika tu kati ya kiini kipya na chembe iliyorushwa. Namba ya chini kwa kiini ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni, lakini katika mlinganyo hufanya kazi pana zaidi ya hiyo, kwa sababu inahesabu chaji. Ndiyo maana elektroni inayotoka katika uozo wa beta huandikwa ⁰₋₁e, ingawa haina protoni hata moja: chaji yake ni hasi, na bila −1 hiyo hesabu ya chaji haiwezi kulingana. Ndani ya kiini nyutroni moja imegeuka kuwa protoni, kwa hiyo chaji ya kiini imepanda kwa 1, na elektroni iliyotoka imebeba −1 ili jumla ibaki ilivyokuwa.

Tuanze na mfano ambao chembe ndiyo iliyokosekana:

²²⁶₈₈Ra → ²²²₈₆Rn + X

Kwa njia ya majumlisho, juu tunapata 226 − 222 = 4, na chini 88 − 86 = 2. Chembe yenye 4 juu na 2 chini ni kiini cha heli, ⁴₂He, ambacho ndicho alfa. Kwa njia ya hatua, mtu anayelifahamu jedwali huona kwamba radiamu iko nafasi ya 88 na radoni nafasi ya 86, anatambua kwamba kiini kimerudi nyuma nafasi mbili, na anaandika alfa bila hata kutazama namba za juu. Hapa njia ya hatua ina kasi zaidi, na jibu lake ni lilelile.

Sasa tuseme picha ni hafifu na msomaji ameona 228 mahali pa 226. Anayetumia hatua bado ataandika alfa, na atakuwa sahihi, kwa sababu alisoma herufi tu. Kwa swali linalouliza jina la chembe pekee, njia yake imemwokoa kutokana na picha mbaya. Anayetumia majumlisho atapata 6 juu na 2 chini. Hiyo ni namba ya heli yenye nyutroni nne, na hakuna uozo wa alfa unaotoa chembe ya aina hiyo. Hapo anapaswa kusimama na kuikuza picha, akijua kwamba kosa liko kwenye namba za juu, kwa kuwa zile za chini zimetoa 2 inayotarajiwa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya majumlisho, nami naithamini kuliko kasi: mlinganyo wenyewe unamwambia msomaji kwamba amesoma vibaya, na hata unamwonyesha ni safu ipi.

Onyo hilo, hata hivyo, hutokea tu pale ambapo kuna namba ya ziada ya kulinganisha. Swali likigeuzwa, likatoa chembe na kuficha kiini kipya, yaani ²²⁶₈₈Ra → ᴬ_ZRn + ⁴₂He, aliyesoma 228 atapata A = 224 kwa njia yoyote atakayotumia, na hakuna kitakachomzuia, kwani 224 ni namba ya masi inayoweza kuwepo kwa radoni. Chini atapata 86, ambayo inakubaliana na herufi Rn, naye ataamini kwamba amethibitisha kazi yake wakati amethibitisha safu moja tu. Namba ya chini ina shahidi wa pili, ambaye ni alama ya elementi: ukiona U unajua ni 92, ukiona Th ni 90, hata kama namba yenyewe imefutika kabisa. Namba ya juu haina shahidi huyo, kwa sababu elementi moja huwa na isotopu nyingi, na herufi Ra haisemi kama ni 226 au 228. Kwa hiyo unapobanwa na picha mbaya, macho yako yatumie muda mwingi zaidi kwenye namba za juu.

Kwa uozo wa beta hatari huhamia safu ya chini. Chukua mlinganyo huu wa risasi inayogeuka kuwa bismuthi:

²¹⁴₈₂Pb → ²¹⁴₈₃Bi + X

Juu, 214 − 214 = 0. Chini, 82 − 83 = −1. Chembe ni ⁰₋₁e, elektroni. Wanafunzi wengi hufika hapa, wakaona tofauti kati ya 82 na 83 ni moja, wakaandika 1 bila alama ya kutoa, kwa mazoea ya kutoa namba ndogo kutoka kwa kubwa. Ukirudi kujumlisha upande wa kulia utapata 83 + 1 = 84, wakati kushoto kuna 82, na kosa linajitokeza mara moja. Ninachopendekeza ni kuandika majumlisho kama mlinganyo kamili, 82 = 83 + Z, badala ya kutafuta tofauti kichwani; alama itakuja yenyewe.

Mahali ambapo picha huleta tatizo kubwa zaidi ni pale chembe imeandikwa na kiini kipya kimefichwa, kisha ile alama ya kutoa haionekani. Msomaji anaona 0 juu na 1 chini, mbele ya herufi e. Akiifuata picha jinsi anavyoiona, atapata 82 = Z + 1, hivyo Z = 81, ambayo ni thali, Tl. Hesabu yake imesawazishwa bila kasoro, kwa sababu chembe yenye 0 juu na +1 chini ipo kweli: ni positroni, inayotoka katika uozo wa beta chanya wa viini kama sodiamu-22. Majumlisho peke yake hayawezi kumwambia kwamba amekosea. Njia ya hatua hapa inafanya vizuri zaidi, ikiwa anayeitumia anaijua aina ya uozo, kwa sababu swali huwa limesema kwa maneno "hutoa chembe ya beta", na beta isiyofafanuliwa kuwa chanya huchukuliwa kuwa elektroni, inayosogeza kiini mbele kwenda 83. Herufi ya kiini kipya ikiwa inasomeka kidogo tu, nayo itaamua: Bi iko mbele ya risasi, Tl iko nyuma yake.

Herufi zenyewe nazo zinaweza kupotosha. Katika eneo hili la jedwali kuna Pb, Po, Pa na Pu, na kwa mwandiko wa haraka zinafanana sana, hasa a na o. Hapo majumlisho huja kusaidia herufi badala ya herufi kusaidia majumlisho. Tuseme mlinganyo unaosomeka ni huu, na herufi ya pili ya kiini kipya ni doa tu:

²³⁴₉₀Th → ²³⁴_ZP? + ⁰₋₁e

Chini tunaandika 90 = Z − 1, hivyo Z = 91. Risasi ni 82, poloni ni 84, plutoni ni 94, na protaktini ni 91. Doa hilo ni a. Hakuna haja ya kumuuliza aliyetuma picha.

Wako wanaotumia uwezo wa simu wa kunakili maandishi moja kwa moja kutoka kwenye picha ili wasiandike upya. Kwa milinganyo hii sishauri, kwani namba za juu na chini hushushwa zote kwenye mstari mmoja, na ²³⁸₉₂U inaweza kutokea hivi:

```
23892U -> 23490Th + 42He
```

Anayejua anachotafuta anaweza kuzitenganisha, kwa kuwa tarakimu za mwisho kabla ya herufi lazima zilingane na namba ya atomi ya elementi, lakini 42He imewahi kuwachanganya wanafunzi wakaisoma kama heli yenye namba ya masi 42. Ni salama zaidi kunakili kwa mkono katika safu mbili, namba zote za juu kwenye mstari wake na za chini kwenye wake, huku ukiacha nafasi tupu palipo na shaka. Ukishafanya hivyo, njia ya majumlisho huwa tayari imeanza.

Tofauti ya njia hizi mbili huonekana wazi kabisa kwenye mfululizo wa uozo, ambao hupendwa katika mitihani ya ngazi ya juu. Swali husema kwamba urani-238 huoza hadi kufika risasi-206, na kuuliza ni chembe ngapi za alfa na ngapi za beta zilizotoka. Anayechagua hatua analazimika kupita kiini kimoja baada ya kingine: urani-238 hadi thori-234, kisha protaktini-234, kisha urani-234, thori-230, radiamu-226, radoni-222, poloni-218, risasi-214, bismuthi-214, poloni-214, risasi-210, bismuthi-210, poloni-210, na hatimaye risasi-206. Hizo ni hatua 14, na anapaswa kujua katika kila moja kama ni alfa au beta. Habari hiyo haimo kwenye picha, na haiwezi kukisiwa kwa kutazama namba.

Anayechagua majumlisho huandika mstari mmoja tu, akiweka x kwa idadi ya alfa na y kwa idadi ya beta:

²³⁸₉₂U → ²⁰⁶₈₂Pb + x ⁴₂He + y ⁰₋₁e

Siri ya kazi hii ni kuanza na safu ya juu, kwa sababu beta haina mchango wowote humo. Juu kunabaki kisichojulikana kimoja: 238 = 206 + 4x, hivyo 4x = 32 na x = 8. Ukiisha kuipata x ndipo unashuka chini: 92 = 82 + 2 × 8 − y, yaani 92 = 98 − y, hivyo y = 6. Alfa 8 na beta 6, jumla 14, sawasawa na hatua tulizozipita hapo juu. Anayeanza na safu ya chini hukutana na visivyojulikana viwili kwa pamoja na kukwama, au hukisia kwamba kushuka kutoka 92 hadi 82 ni nafasi kumi, kwa hiyo alfa tano na beta sifuri. Kisio hilo linalingana chini kikamilifu na linavunjika juu, kwani alfa tano huondoa 20 tu kati ya 32.

Majumlisho yana mpaka wake hapa: hayasemi mpangilio. Yanakwambia kuna alfa 8 na beta 6, lakini hayawezi kukwambia kwamba baada ya alfa ya kwanza zinafuata beta mbili mfululizo. Swali likitaka kiini cha kati kitajwe, na likatoa mpangilio wa uozo kwa maneno, basi hatua ndizo zinazofaa, na ni vizuri kuzifunga kwa majumlisho mwishoni ili kuhakikisha hakuna hatua iliyorukwa.

Mfululizo pia unaleta ukaguzi mzuri wa namba za juu, zile tulizosema hazina shahidi. Kwa kuwa alfa hupunguza 4 na beta haipunguzi kitu, kila kiini katika mfululizo mmoja huacha baki ileile namba yake ya masi ikigawanywa kwa 4. Urani-238 huacha baki 2. Radiamu-226 huacha 2. Risasi-206 huacha 2. Thori-232 huanzisha mfululizo mwingine ambao baki yake ni 0, na huishia risasi-208, wakati urani-235 ina baki 3 na huishia risasi-207. Kwa hiyo ukisoma kwenye picha kwamba radiamu-228 imetokana na urani-238, unajua bila kukuza chochote kwamba namba moja imesomwa vibaya, kwa sababu 228 inagawanyika kwa 4 bila baki. Radiamu-228 ipo, lakini ni ya ukoo wa thori. Vivyo hivyo, aliyesoma risasi-208 mwishoni mwa mfululizo wa urani-238 atapata 4x = 30 na x = 7.5, na nusu ya chembe ya alfa haipo.

Jambo jingine ambalo mara nyingi huwapa watu wasiwasi halihitaji muda mrefu. Baadhi ya milinganyo ya beta ina herufi ya Kigiriki ν yenye mstari juu yake, na mingine ina γ mwishoni, kama ule wa kobalti-60, chanzo cha mionzi kilichotumika kutibu saratani katika hospitali ya Mulago: ⁶⁰₂₇Co → ⁶⁰₂₈Ni + ⁰₋₁e + ν̄ + γ. Antinyutrino na gama zote zina 0 juu na 0 chini, kwa hiyo zikikatwa na ukingo wa picha hazibadilishi jibu la namba yoyote. Hubeba nishati, na nishati haimo katika safu hizi mbili.

Kwa uamuzi wangu, basi, anayesoma kutoka kwenye picha aanze na majumlisho kila inapowezekana, na hasa chembe inapokuwa ndiyo iliyofichwa au swali linapohusu mfululizo mzima. Hatua zitangulie pale namba hazisomeki lakini herufi zinasomeka, pale alama ya kutoa ya beta ina shaka, na pale swali linapotoa mpangilio wa uozo kwa maneno. Kwa picha ambayo kila kitu kinasomeka, atumie ile anayoifanya bila kusita.

Liko kosa moja ambalo njia zote mbili, hata pamoja na ukaguzi wa baki, hazitalikamata, nalo ni kusoma namba iliyozidi au kupungua kwa 4 hasa. Tarakimu 8 na 4 zilizoandikwa kwa kalamu butu zinaweza kufanana, na urani-238 ikasomwa urani-234. Baki yake ni 2 vilevile. Majumlisho hadi risasi-206 yanatoa 4x = 28, x = 7, kisha 92 = 82 + 14 − y, y = 4; ni namba kamili, tena ni za kweli, kwa sababu urani-234 iko ndani ya mfululizo uleule na kutoka hapo hadi mwisho zinabaki alfa 7 na beta 4. Hapo rudi kwenye maneno ya swali. Likitaja nusu-maisha ya takriban miaka bilioni 4.5, kiini ni urani-238. Likitaja takriban miaka 245,000, ni urani-234. Lisipotaja, mwombe aliyetuma aitume tena picha ileile kwa njia ya dokumenti, kwani WhatsApp inapoituma kama picha ya kawaida huipunguza ubora, na tarakimu ndogo za juu ndizo za kwanza kuharibika.